Dagaa, kapsuli au mbegu: jinsi ya kutimiza omega-3 ya wiki nyumbani kwako

Maswali ninayoulizwa kuhusu omega-3 ni yaleyale matatu, na huja karibu kila wiki. Ninunue kapsuli za mafuta ya samaki au niendelee na dagaa? Mbegu za chia si zinatosha? Na dagaa wakishakaushwa juani, si mafuta yote yameshaisha? Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, kwa hiyo nimeweka hapa hatua zote ninazofuata mwenyewe. Zifuate kwa mpangilio. Ukiruka hatua ya kwanza, zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

Utakachohitaji

- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, mwombe muuzaji akupimie gramu 100 za dagaa wakavu, kisha uone zinajaza bakuli lako kiasi gani. Bakuli hilo ndilo litakuwa kipimo chako.
- Kikokotoo cha simu.
- Chupa ya kapsuli uliyonayo, kama unayo. Usiitupe wala usiifungue kwanza.
- Beseni mbili na maji ya uvuguvugu.

Nadharia ni fupi. Kuna vifupisho vitatu vya kukumbuka. EPA na DHA ni omega-3 za samaki, na ndizo mwili huzitumia moja kwa moja: kwenye ubongo, kwenye macho, kwenye damu. ALA ni omega-3 ya mimea. Mwili unaweza kuigeuza ALA kuwa EPA na DHA, ila kwa kiasi kidogo sana. Basi.

Hatua ya 1: Andika lengo la wiki, si la siku

Mtu mzima mwenye afya anahitaji karibu miligramu 250 za EPA na DHA kwa pamoja kila siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 anahitaji 200 hadi 250, na wa miaka 4 hadi 6 anahitaji 150 hadi 200. Mama mjamzito au anayenyonyesha aongeze DHA ya miligramu 100 hadi 200 juu ya zile 250.

Hakuna haja ya kula samaki kila siku ili kufikia kiasi hiki. Mwili huyahifadhi mafuta haya, hivyo hesabu kwa wiki. Tuchukue nyumba moja ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 5. Kwa siku ni 250, 250, 200 na 150, jumla 850. Zidisha kwa 7 upate 5,950. Tuseme gramu 6 kwa wiki kwa nyumba nzima. Namba hii iandike ukutani karibu na jiko, maana tutaitumia hadi mwisho.

Hatua ya 2: Tenganisha samaki wanaohesabika na wasiohesabika

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Mtu ananiambia anakula samaki mara tatu kwa wiki, nikimuuliza samaki gani, anasema sato. Sato ni kitoweo kizuri chenye protini safi, lakini gramu 100 za nyama yake zina EPA na DHA za miligramu mia moja na ushee tu. Ili sato peke yake atimize gramu 6 za nyumba yetu, ungehitaji zaidi ya kilo nne za minofu kila wiki.

Wanaohesabika ni samaki wadogo wenye mafuta: dagaa wa ziwani na wa baharini, vibua, na samaki wadogo wa kopo aina ya sadini. Sadini wa kopo waliochujwa mafuta wana karibu gramu 1 ya EPA na DHA katika kila gramu 100. Kopo la kawaida la gramu 125 likichujwa hubakiwa na samaki wa gramu 90 hivi, kwa hiyo lihesabu kuwa gramu 0.9. Jodari wa kopo aliyehifadhiwa kwenye maji ana kiasi kilicho chini ya hapo, ingawa bei yake huwa juu. Usidanganywe na ukubwa wa samaki.

Dagaa wetu hawana lebo, na mafuta yao hupanda na kushuka kwa msimu. Mimi hutumia makadirio ya chini makusudi: gramu 100 za dagaa wabichi nazihesabu kuwa nusu gramu ya EPA na DHA, yaani nusu ya sadini. Afadhali nikosee upande huo. Dagaa wakikauka hupoteza maji, si nyama wala mafuta, hivyo kilo tatu na nusu za wabichi hutoa karibu kilo moja ya wakavu. Kwa makadirio hayo gramu 100 za dagaa wakavu wazuri zina gramu 1.75.

Nyumba yetu inahitaji gramu 6. Gawa kwa 1.75, kisha zidisha kwa 100, upate gramu 340 za dagaa wakavu kwa wiki, ambazo ni theluthi moja ya kilo na kitu kidogo. Ukiwapika mara tatu kwa wiki, kila chungu kina gramu 115. Si mzigo mkubwa. Siku ambayo dagaa wameadimika, kopo mbili za sadini zinafidia chungu kimoja (0.9 mara mbili ni 1.8, na chungu kimoja ni 2).

Hatua ya 3: Nunua dagaa ambao mafuta yao bado yapo

Hesabu yote ya juu inasimama juu ya neno "wazuri". Jua lenyewe halimalizi omega-3. Kinachoziharibu ni hewa na joto kwa muda mrefu, hasa dagaa wanapokaa na unyevu. Mafuta haya ni laini sana, na ndiyo maana huchacha haraka kuliko mafuta mengine yoyote jikoni kwako. Mafuta yaliyochacha ni omega-3 iliyopotea, na kingine kinachobaki ni harufu.

Angalia mambo haya ukiwa bado sokoni:

1. Rangi. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha. Akiwa na rangi ya njano au kahawia ya kutu tumboni na mgongoni, mafuta yake yameshachacha.
2. Mvunje mmoja. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akijikunja kama ngozi, bado ana maji, na ukimweka kwenye mfuko atachacha na kuota ukungu ndani ya siku chache.
3. Mtafune. Usione haya. Uchungu kidogo unaotoka tumboni ni wa nyongo na matumbo, na huo hauna neno. Ladha inayokereketa kooni na kubaki mdomoni kama rangi ya mafuta ya ukutani ndiyo ya kuchacha.
4. Uliza walianikwa wapi. Waliokaushwa kwenye vichanja huwa safi na hukauka sawasawa pande zote. Waliomwagwa mchangani ufukweni hubeba mchanga, na chini hubaki na unyevu.

Msimu wa mvua ndio mtihani. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo Ukerewe au upande wa Kisumu, dagaa waliokuwa wameanikwa hulowa tena, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wakati mwingine wanarudi sokoni kwa bei ya chini. Bei ikishuka ghafla katikati ya masika, rudia mtihani wa kutafuna.

Nunua wa wiki mbili au tatu tu. Waweke kwenye chombo kinachofunga kabisa, mbali na jiko na dirisha. Mwenye friza awaweke humo. Gunia la miezi minne unalolinunua kwa sababu ni nafuu litakuwa limeshachacha kabla hujafika nusu yake.

Hatua ya 4: Osha na upike bila kuyamwaga mafuta

Watie dagaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano. Kisha wanyanyue kwa mikono uwahamishie kwenye beseni la pili. Usiwamwage pamoja na maji kwenye chujio, maana mchanga ulioshuka chini utarudi juu yao. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Kwa kawaida mara tatu zinatosha.

Kichwa ukate au usikate? Kama mtoto hataki kuyaona macho, kata. Lakini ujue kwamba ubongo na macho ya samaki vina DHA nyingi, na mifupa ndiyo yenye kalsiamu. Mimi hutoa matumbo kwa wale wakubwa tu na kichwa nakiacha.

Sasa mapishi. Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, weka nyanya mbili hadi ziive na kulainika, tia dagaa gramu 115, pilipili hoho, chumvi kidogo na maji kikombe kimoja au tui jepesi. Funika kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na tano. Sehemu ya mafuta ya dagaa huhamia kwenye mchuzi, kwa hiyo mchuzi huo uliwe wote na ugali au wali.

Kosa kubwa ni kuwazamisha dagaa kwenye karai la mafuta yanayochemka. Hapo hubadilishana mafuta: ya dagaa hutoka na kubaki karaini, na ya alizeti huingia mahali pake. Mafuta ya alizeti hayana omega-3 ya maana. Tena karai likitumika mara tatu au nne, moto unamaliza kazi. Sikukatazi dagaa wa kukaanga, ni watamu na mimi nawala. Ila katika hesabu ya wiki chungu hicho kihesabu nusu.

Hatua ya 5: Kama una kapsuli, soma nyuma ya chupa

Mbele ya chupa pameandikwa kwa herufi kubwa: miligramu 1000. Hiyo ni uzito wa mafuta yote ya samaki, si omega-3 unayoitafuta. Geuza chupa, tafuta mistari miwili tu, EPA na DHA, uijumlishe. Kapsuli ya kawaida ina EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Yaani chini ya theluthi moja ya ile namba ya mbele. Angalia pia namba hizo ni za kapsuli moja au mbili, maana baadhi ya lebo hutoa hesabu ya kapsuli mbili na mtu anameza moja akidhani amemaliza.

Kwa nyumba yetu ya gramu 6 kwa wiki, hizo ni kapsuli 20. Chupa ya kapsuli 60 inaisha kwa wiki tatu.

Kisha ukishafungua chupa, kata kapsuli moja kwa mkasi na unuse mafuta yake. Harufu hafifu ya samaki ni sawa. Harufu kali inayopanda puani, au ile ya rangi ya mafuta, maana yake yamechacha. Kapsuli zenye ladha ya limau huficha harufu, hivyo weka tone ulimini badala ya kunusa tu. Niliwahi kununua chupa iliyokuwa imepangwa dirishani jua likiipiga mchana kutwa. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa mwaka mzima mbele, lakini kapsuli zilikuwa zimegandana na zinanuka. Tarehe haijui chupa imekaa wapi.

Usichanganye mafuta haya na mafuta ya maini ya samaki. Ya maini yana vitamini A nyingi sana: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ini la chewa kina karibu yuniti 4,500. Mjamzito asiyatumie bila kuambiwa na daktari, kwa sababu vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Watu huniuliza kama kapsuli zitawakinga na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa. La Marekani, lililoitwa VITAL, lilikuwa na watu zaidi ya 25,000 waliotumia kapsuli ya miligramu 840 za EPA na DHA kila siku au kapsuli isiyo na kitu, kwa miaka mitano hivi. La Uingereza, ASCEND, lilikuwa na wagonjwa wa kisukari zaidi ya 15,000. Katika yote mawili kapsuli hazikupunguza kwa kiasi cha kuaminika jumla ya matukio makubwa ya moyo na mishipa yaliyokuwa yakipimwa. Katika VITAL, waliokuwa wakila samaki kidogo walionekana kunufaika zaidi kuliko waliokuwa wakila mara kwa mara. Kwa hiyo ukishapika dagaa mara tatu kwa wiki, sioni kapsuli itakuongezea nini.

Dozi kubwa, za gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA kwa siku, ni jambo jingine. Hushusha mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi, na daktari huziandika kwa sababu hiyo. Dozi hizo pia zimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Usijipe mwenyewe. Na kama unatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla ya kuanza kapsuli yoyote.

Hatua ya 6: Zipe mbegu nafasi yake halisi

Kijiko kikubwa cha chia kina ALA ya gramu 2 hivi, na cha kitani kilichosagwa kina gramu 1.6. Ni nyingi. Mtu anaona namba hizo anadhani ameshinda dagaa. Lakini mwili hugeuza sehemu ndogo tu. Tukichukua asilimia 5, zile gramu 2 zinakupa EPA ya miligramu 100. DHA ni kidogo zaidi, kwa watu wengi haifiki hata asilimia 1. Wanawake walio kwenye umri wa kuzaa hugeuza vizuri kuliko wanaume, lakini bado si kwa kiasi cha kumfukuza dagaa jikoni.

Ukizitumia, kitani lazima kisagwe, maana mbegu nzima hupita tumboni kama ilivyoingia. Saga ya siku chache tu na uweke kwenye friji, kwa kuwa unga wake nao huchacha. Chia loweka kwanza kwenye maji au uji kwa robo saa. Usiimeze kavu, kwa kuwa hufura na inaweza kukwama kooni.

Ufuta na karanga ni vyakula vizuri, lakini havina omega-3 ya kuhesabu. Niliyaona matangazo yakisema kinyume.

Kwa asiyekula samaki kabisa, njia ya kupata DHA ni kapsuli za mafuta ya mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Huko ndiko samaki nao huipata, kupitia wanachokula majini. Huu si ule mwani unaolimwa Paje na Jambiani huko Zanzibar. Ule hauna mafuta ya maana, hulimwa kwa ajili ya utomvu wake wa kugandisha vyakula.

Hatua ya 7: Linganisha bei kwa gramu

Usilinganishe bei ya chupa na bei ya kilo. Tafuta bei ya gramu moja ya EPA na DHA. Tuseme chupa ya kapsuli 60 ni shilingi 30,000. Ndani yake mna miligramu 300 mara 60, sawa na gramu 18. Gawa 30,000 kwa 18: karibu shilingi 1,670 kwa gramu. Tuseme kilo ya dagaa wakavu ni 12,000. Ina gramu 17.5, hivyo gramu moja ni karibu shilingi 690. Bei hizi ni za mfano tu, weka za sokoni kwako. Na ukumbuke dagaa amekuja pia na protini na kalsiamu, wakati kapsuli imekuja na chupa.

Yanayokwama mara kwa mara

*Nikimeza kapsuli nateuka harufu ya samaki siku nzima.* Imeze katikati ya mlo wenye mafuta, si tumbo tupu. Ikiendelea, kata moja unuse. Mara nyingi utakuta imechacha.

*Watoto hawataki dagaa.* Wakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika tatu, watwange, uwachanganye kwenye mchuzi wa maharage au mchicha wa nazi. Unga huo utwange wa siku moja au mbili tu. Ukishatwangwa, hewa inaingia kila mahali na mafuta huchacha haraka. Huo unga wa dagaa unaouzwa kwenye pakiti bila tarehe ya kusagwa, mimi siununui.

*Nina jongo.* Dagaa na sadini wana purini nyingi, ambazo huongeza asidi ya yuriki. Kwako wewe, kapsuli zinaweza kufaa kuliko chungu. Zungumza na daktari wako juu ya kiasi.

*Nina presha na dagaa wa kwetu wametiwa chumvi.* Waloweke kwenye maji baridi kwa saa moja, mwaga maji, rudia, na usitie chumvi nyingine chunguni. Sadini wa kopo nao huwa na chumvi, soma lebo.

*Nimewaosha mara tano na bado wana mchanga.* Unaweza kuwa tumboni mwao, waliumeza au ulijaa walipokuwa wanaanikwa. Pasua tumbo kwa kidole gumba, toa matumbo, suuza mara moja. Muuzaji huyo usimrudie.

*Chungu kimeiva na harufu imejaa nyumba.* Kama ni harufu ya samaki, limau na tangawizi vitaitosha. Kama inakereketa koo hata baada ya limau, dagaa walikuwa wamechacha tangu sokoni. Wape kuku, na chungu hicho usikihesabu kwenye gramu 6 za wiki.